Yaurti ya nyumbani ikitoka majimaji au chengachenga: kosa litafute kwenye joto la maziwa

Yaurti isipokaa sawa, usiirudishe motoni, wala usiimwage. Chota kijiko, uonje kwanza. Macho yanaona majimaji tu, lakini ulimi hutofautisha majimaji ya aina mbili ambazo chanzo chake hakifanani hata kidogo.

Kama bado ni tamu, yenye ladha ya maziwa yaliyochemshwa, bakteria hawakufanya kazi. Huenda waliunguzwa kwa kutiwa kwenye maziwa ya moto, au walishikwa na baridi, au mbegu uliyotumia, ile yaurti kidogo ya kuanzishia, ilikuwa imekwisha kufa. Lakini kama imechachuka vizuri na bado inamiminika, bakteria walitimiza kazi yao. Maziwa ndiyo hayakuwa tayari kuganda, na mara nyingi ni kwa sababu hayakupikwa inavyotakiwa.

Tatizo la tatu ni chenga. Ukiisugua yaurti kati ya ulimi na kaakaa unasikia punje, na juu ya kikombe yanaelea maji ya rangi ya kijani-njano. Hiyo kwa kawaida imekaa kwenye joto kali mno, au imeachwa muda mrefu mno, au vyote viwili.

Kila upande tunarudi kwenye joto, lakini joto lenyewe lina zamu mbili. Zamu ya kwanza ni wakati wa kupika maziwa, ya pili ni wakati wa kutia mbegu na kuyafunika. Akina mama wengi wanaouza yaurti ya vikombe hapa Goma wanaijali sana ile ya pili: wanatia kidole, wanasubiri, wanatia tena. Ile ya kwanza wanaihesabu kuwa ni ya kuua vijidudu tu, kwa hiyo maziwa yakipanda mara moja wanaepua. Kesho yake mteja anageuza kikombe na kuuliza, "Mama, hii ni ya kunywa ao ya kula?"

Zamu ya kwanza: maziwa yakae motoni

Ndani ya maziwa kuna protini za makundi mawili. Kaseini ndiyo inayoganda maziwa yakichachuka. Kundi la pili ni protini zilizoyeyuka kwenye maji ya maziwa, nazo peke yake hazigandi kwa uchachu. Maziwa yakipita nyuzi 80 na kudumu hapo, hizi za pili hukunjuka na kunata juu ya kaseini. Baadaye asidi ikiongezeka, kaseini hushikana na kuwa kama wavu wa sambaza, wenye matundu madogo yasiyoachia kitu, na maji ya maziwa hubaki humo ndani. Maziwa ambayo hayakupikwa vya kutosha nayo huganda, ila wavu wake ni dhaifu na matundu ni makubwa. Ukiingiza kijiko tu, maji yanatoka.

Kukunjuka huko kunahitaji muda. Ukiweza kushikilia nyuzi 85, hesabu dakika 30. Ukifika nyuzi 90 hadi 95, dakika 10 zinatosha. Maziwa yaliyopanda mara moja na kuepuliwa, hasa yakiwa machache kwenye sufuria nyembamba, hupoa kabla kazi haijakamilika. Yamekuwa salama zaidi kunywa, lakini si tayari kwa yaurti nzito.

Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Bukavu ni vilevile. Jambo hili linatufaa. Ukiweka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, maziwa hayawezi kupita joto la maji hayo. Yatasimama karibu na nyuzi 85 au 90 bila kupanda, bila kumwagika na bila kushika chini. Kwa anayepikia mbabula ya makala, ambayo moto wake hauna kitasa cha kupunguzia, hakuna njia nzuri kuliko hii. Makala makali chini ya sufuria nyembamba huunguza tabaka la chini, na ukilikwangua kwa mwiko unatawanya chembe za protini iliyoungua ndani ya maziwa yote. Chenga za namna hiyo huwa na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Hazitokani na bakteria hata kidogo.

Fanya hivi kwa lita 5. Chuja maziwa kwa kitambaa safi. Kama unaongeza maziwa ya unga ili yaurti iwe nzito, yakoroge sasa hivi, maziwa yakiwa bado ya baridi au vuguvugu: gramu 30 hadi 40 kwa kila lita, yaani vijiko vya chakula 4 vilivyojaa. Unga ukitiwa kwenye maziwa ya moto hushikana mabonge, na mabonge hayo utayakuta tena kwenye kikombe. Weka sufuria juu ya makala na ukoroge mfululizo, mwiko ukigusa chini, mpaka mvuke upande na vipovu vidogo vijipange pembeni. Hapo hamishia sufuria ndani ya ile kubwa yenye maji yanayochemka, funika nusu, na uanze kuhesabu dakika 30. Koroga kila baada ya dakika kadhaa. Sukari, kama unatia, iingie hapa ili iyeyuke yote: gramu 250 hadi 350 kwa lita 5. Usizidishe sana, kwa sababu sukari nyingi huwachelewesha bakteria. Ukitaka tamu zaidi, ongeza wakati wa kula.

Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila frigo yana hali yake. Yalikwisha kupashwa kiwandani kwa joto kali kuliko letu, kwa hiyo hayahitaji dakika hizo 30. Yapashe mpaka vuguvugu tu na utie mbegu. Lakini yaurti yake huwa laini, na bila maziwa ya unga itaonekana nyepesi hata ukifuata kila hatua.

Kupoza, na ule utando wa juu

Toa sufuria ya maziwa, iweke kwenye beseni la maji ya baridi, ukoroge. Usiiache ipoe yenyewe mezani, maana juu utatokea utando. Utando ni protini na mafuta yaliyokauka juu ya maziwa, na ukiuvunjavunja kwa mwiko unakuwa vipande ambavyo mtu huvidhania ni chenga. Ukitokea, utoe mzima kwa upawa.

Kukoroga kuna faida nyingine. Sufuria isiyokorogwa hupoa pembeni haraka kuliko katikati. Kidole kikigusa pembeni kinasema tayari, kumbe katikati bado ni nyuzi 55, na hapo ndipo mbegu inapomiminwa.

Zamu ya pili: nyuzi 43

Yaurti hufanywa na bakteria wawili wanaosaidiana, Streptokokasi thermofilasi na Laktobasilasi bulgarikasi. Wote wanapenda joto, tofauti na wale wa mashanza wanaoridhika na joto la chumba. Kati ya nyuzi 42 na 44 wanamaliza kazi kwa saa 5 hivi. Chini ya 38 wanaburuta miguu: yaurti inachukua saa nyingi, na pengine inavutika kama uzi ukiinua kijiko. Juu ya 50 wanaanza kudhoofika na kufa.

Eneo la hatari ambalo watu hawalijui ni katikati hapo, kati ya nyuzi 46 na 49. Bakteria hawajafa, kwa hiyo yaurti inaganda, na hata inaganda upesi. Lakini wavu wa kaseini ukijengwa kwa joto hilo hujengwa haraka na kwa ukali, halafu hujikunja na kukamua maji yake. Matokeo ni punje, maji juu, na ladha isiyokaa vizuri mdomoni. Mpishi anaona imeganda, anaamini joto lilikuwa sawa, na kesho anarudia vilevile. Ukipata chenga mara kwa mara na huunguzi maziwa, shuka nyuzi mbili au tatu. Kwa nyuzi 41 itachukua saa moja au zaidi ya nyongeza, lakini itatoka laini.

Utajuaje nyuzi 43 bila kipimajoto cha jikoni? Kidole peke yake hakitoshi, maana mkono uliotoka kufua kwa maji ya baridi na mkono uliotoka mekoni haupimi sawa. Kipe kidole kitu cha kulinganisha nacho. Chukua kikombe 1 cha maji yanayochemka na vikombe 2 vya maji ya bomba yaliyolala ndani ya nyumba, changanya kwenye bakuli. Maji yanayochemka hapa ni nyuzi 95, yale ya ndani ni karibu 20. Mchanganyiko wake ni nyuzi 45, na bakuli baridi likishachukua sehemu yake unabaki na 43 au 44. Tia kidole kwenye bakuli hilo, halafu kwenye maziwa, mara mbili tatu. Maziwa yakisikika sawa na bakuli, au baridi kidogo kuliko bakuli, yapo tayari. Yakisikika moto zaidi, subiri. Andaa bakuli wakati huo huo unapopima, kwa sababu halingoji.

Kipimajoto cha homa cha dijitali kinasaidia pia. Vingi huandika herufi H joto likipita nyuzi 42 na kitu. Chota maziwa kidogo kwenye kikombe kilichopashwa, na upime pale tu kidole chako kinapovumilia. Ikiandika H bado ni moto kidogo, ikionyesha 42 tia mbegu. Maziwa ya kikombe hicho usiyarudishe sufuriani. Kile cha kioo chenye zebaki kisikaribie maziwa kabisa: mwisho wake ni nyuzi 42, na kikizidishiwa joto hupasuka.

Mbegu ni yaurti isiyo na matunda wala harufu ya dukani, iliyotengenezwa siku chache tu zilizopita. Vijiko vya chakula 2 kwa lita 1, basi 10 kwa lita 5. Watu wakiona imekuwa majimaji huongeza mbegu safari inayofuata, na huo ndio mwanzo wa chenga: mbegu nyingi huleta asidi kwa haraka mno. Kwanza ilainishe kwa upawa mmoja wa maziwa ya vuguvugu mpaka isiwe na bonge hata moja, ndipo uimimine kwenye sufuria na kukoroga polepole kwa dakika moja.

Lita 5 mchana mmoja wa Goma

Mimi sipendi kuilaza yaurti usiku kucha. Usiku wetu una baridi, umeme hauaminiki, na aliyelala hawezi kuitoa inapokuwa tayari. Ikikaa saa 10 badala ya 5, ama imepoa katikati ya safari, ama imechachuka hadi kukamua maji. Mchana ni bora.

Tuseme maziwa yametoka Masisi kwa pikipiki ndani ya bidoni na yamekufikia saa tatu asubuhi. Saa nne yapo kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Saa tano yameiva na yanapozwa. Saa tano na nusu umetia mbegu na kujaza vyombo 5 vya lita moja vilivyooshwa kwa maji ya moto. Vipange ndani ya glasiere, lile sanduku la plastiki la kubebea samaki na vinywaji baridi. Changanya maji kwa kipimo kile kile, 1 ya moto kwa 2 ya kawaida, uyamimine yafike kwenye mabega ya vyombo. Funga kifuniko, zungushia blanketi, liache mahali ambapo watoto hawatalisukuma. Kama huna glasiere, sufuria kubwa yenye kifuniko ndani ya kartoni iliyojazwa nguo inafanya kazi hiyo hiyo, ila inapoa mapema zaidi.

Saa nane na nusu tia kidole kwenye maji. Yakiwa yamepoa, toa upawa kadhaa na urudishe maji ya moto kiasi hicho hicho, uyamimine pembeni mbali na vyombo. Maji yanayochemka yakigusa ukuta wa chombo, upande huo wa yaurti utakuwa chenga na upande wa pili utakuwa laini. Mwenye kuona jambo hilo kwenye chombo kimoja hana haja ya kutafuta sababu nyingine.

Kuanzia saa kumi jaribu chombo kimoja kwa kukiinamisha kidogo sana. Ikisogea yote kwa pamoja na kuachana na ukuta, imeiva. Ikitiririka, funika, ungoje nusu saa. Kabla haijaiva usiitikise, usiikoroge, usiihamishe chumba, kwa sababu wavu uliokatika katikati ya kujengwa haujiungi tena vizuri. Maji kidogo yenye rangi ya kijani-njano yakianza kuonekana juu, usingoje hata dakika.

Itoe na uiweke moja kwa moja kwenye beseni la maji ya baridi, kisha kwenye frigo mpaka asubuhi. Yaurti ya vuguvugu haijamaliza kukaza. Ile uliyoiona laini saa kumi na moja jioni itasimama imara saa moja asubuhi, mradi hukuikoroga ikiwa na joto. Matunda au ladha vichanganye ikishapoa kabisa. Asiye na frigo aiweke kwenye maji ya baridi, ayabadilishe mara kwa mara, na aimalize kesho yake.

Kama joto ni sahihi na bado inakataa

Kabla ya kumlaumu mwenye maziwa, fanya jaribio la vikombe vitatu kwa maziwa ya siku moja na mbegu moja. Kikombe cha kwanza kipate maziwa yaliyopanda mara moja tu na kuepuliwa. Cha pili kipate yale yaliyokaa dakika 30. Cha tatu kipate maziwa ya pakiti. Vyote vitie mbegu kwa joto moja, uviweke kwenye maji yale yale. Cha pili kikiwa kizito kuliko cha kwanza, kosa lako lilikuwa kwenye kupika. Vyote vitatu vikibaki vitamu, mbegu imekufa au maji yalikuwa na joto lisilofaa. Cha tatu kikiganda na viwili vya mwanzo vikabaki vitamu, basi maziwa ya bidoni yana dawa. Ng'ombe aliyechomwa penisilini kwa ugonjwa wa kiwele hutoa dawa hiyo kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Inaua bakteria wa yaurti, na kuchemsha hakuiondoi. Ongea na anayekuletea. Mfugaji anajua ni ng'ombe gani aliyetibiwa.

Maziwa yaliyoanza kuchacha njiani yanakamatwa mapema zaidi. Chemsha kijiko kimoja kwenye kikombe cha chuma kabla ya kuweka bidoni nzima motoni. Yakikatika, hayawezi kutoa yaurti laini kwa ufundi wowote ule. Maziwa yaliyoongezwa maji, yeye yanaganda, ila ni mepesi daima. Hapo maziwa ya unga yanasaidia kidogo, lakini unalipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Yaurti ambayo baada ya saa 5 bado ni tamu na inanukia vizuri inaweza kuokolewa. Rudisha maji kwenye joto lake, tia mbegu mpya iliyo hai, koroga mara moja, ngoja saa 5 nyingine. Iliyolala usiku kucha bila kuchachuka usiiokoe, imwage, kwa sababu vijidudu vingine vimepata nafasi ambayo asidi ingewanyima. Iliyochachuka lakini ni majimaji inywe hivyo hivyo, au ichuje kwa kitambaa ndani ya frigo kwa saa chache mpaka iwe nzito. Ya chenga ipoze kabisa, uichuje, uipige kwa nguvu; punje zitapungua ingawa hazitaisha. Kuipasha moto tena kutaikatakata kabisa.

Mbegu ya safari inayofuata itoe siku ile ile, kabla hujatia kijiko cha mtu yeyote humo. Ifunike kwenye kikopo safi na uiweke kwenye frigo. Itumie ndani ya siku 4 au 5. Ukiirithisha hivyo mara nyingi mfululizo utaona muda wa kuganda unarefuka au uchachu unakuwa mkali, kwa sababu wale bakteria wawili hawako tena kwa uwiano. Ikianza kuchelewa kwa saa nzima kwenye joto lile lile, nunua kikopo kipya kisicho na ladha na uanze upya nacho.